Sampuli Moja, Safari Ndefu: Kuainisha, Kuweka Lebo na Kutenganisha Bidhaa Hatari katika Huduma za Afya Kagera

Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika Wilaya ya Bukoba ni homa ya Marburg. Ulikuwa mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huo kuthibitishwa nchini Tanzania. Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni mwaka huohuo, watu 9 walikuwa wamehesabiwa kuugua, wanane wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo, na 6 walifariki dunia. Wawili kati ya waliougua walikuwa watumishi wa afya. Mwezi Januari 2025 Marburg ilizuka tena mkoani Kagera, safari hii wilayani Biharamulo.

Mara zote mbili, jina la ugonjwa lilipatikana kwa sababu damu ya wagonjwa ilitolewa, ikafungwa na kufikishwa maabara. Damu hiyo, tangu inapotoka mlangoni mwa kituo cha tiba hadi inapopokewa na mtaalamu wa maabara, ina jina jingine kisheria: ni bidhaa hatari, sawa na petroli au tindikali. Makala haya yanafuata sampuli ya namna hiyo kutoka kata ya Hamugembe, Manispaa ya Bukoba, hadi Dar es Salaam. Yanaeleza jinsi inavyoainishwa, inavyofungwa na kuwekewa lebo, na vitu gani havipaswi kukaa karibu nayo, wala kukaa pamoja katika stoo ya kituo.

Kuainisha: swali la kwanza kabla ya kugusa sanduku

Umoja wa Mataifa umezigawa bidhaa hatari katika madaraja 9. Daraja la 1 ni vilipuzi. La 2 ni gesi. La 3 ni vimiminika viwakavyo, kama spiriti. La 4 ni yabisi ziwakazo. La 5 ni vioksidishaji, yaani vitu vinavyotoa oksijeni na kuuchochea moto. La 6 ni sumu na vitu vya kuambukiza. La 7 ni vitu vya mionzi. La 8 ni babuzi, vitu vinavyokula ngozi na chuma. Na la 9 ni hatari nyinginezo, ikiwamo barafu kavu. Tarakimu hizi hazipangi ukubwa wa hatari. Daraja la 9 si jepesi kuliko la 3. Tarakimu hutaja aina ya hatari tu. Kila bidhaa pia hupewa namba ya tarakimu nne inayotanguliwa na herufi UN, na namba hiyo husomeka kwa maana ileile Bukoba, Kampala na Geneva.

Sampuli za wagonjwa zimo katika daraja la 6, kitengo cha pili, ambacho huandikwa 6.2. Ndani ya kitengo hiki uamuzi mkubwa ni mmoja: je, sampuli ni ya Kundi A au ya Kundi B?

Kundi A ni vitu ambavyo, vikimwagika na kumgusa mtu mwenye afya njema, vinaweza kumletea ulemavu wa kudumu, ugonjwa wa kutishia maisha au kifo. Kwa vile vinavyowadhuru binadamu namba yake ni UN 2814. Kundi B ni vitu vya kuambukiza visivyofikia kiwango hicho, na namba yake ni UN 3373.

Hapa ndipo watumishi wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa mgawanyo hauangalii jina la ugonjwa peke yake. Huangalia pia hali ya kimelea ndani ya kichupa. Makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu husafirishwa kama Kundi B. Bakteria walewale wakishaoteshwa maabara na kuongezeka kwa wingi, chupa yao huwa Kundi A. Ndivyo ilivyo pia kwa virusi vya UKIMWI: damu ya mgonjwa ni Kundi B, ilhali virusi vilivyokuzwa maabara ni Kundi A. Virusi vya Marburg na Ebola havina nafuu hiyo. Vikiwa katika tone la damu, katika mate au katika chupa ya kukuzia, vyote ni Kundi A.

Je, ikiwa ugonjwa haujajulikana? Mtumishi hasubiri majibu ili aainishe, maana sampuli inatumwa kwa ajili ya kupata majibu hayohayo. Anaainisha kwa historia ya mgonjwa, dalili, hali ya eneo analotoka na busara ya kitaalamu. Mgonjwa mwenye homa kali, kutapika na kuvuja damu, ambaye amemhudumia ndugu aliyefariki kwa dalili zizo hizo, sampuli yake ni Kundi A hadi maabara iseme vinginevyo. Kanuni inasema wazi kwamba penye shaka, sampuli hupandishwa Kundi A.

Kwa upande mwingine, si kila tone la damu ni bidhaa hatari. Damu iliyokaushwa kwenye karatasi maalumu, kama ile inayochukuliwa kisiginoni mwa mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, haihesabiwi hivyo. Sampuli za mtu asiyeshukiwa kuwa na maambukizi, kwa mfano damu ya kupima lehemu, husamehewa sehemu kubwa ya masharti, ingawa nazo hufungwa kwa tabaka tatu zisizovuja.

Kufunga: tabaka tatu na sababu ya kila moja

Tuchukue mfano. Mgonjwa amefika katika zahanati moja ya Hamugembe akiwa na dalili tulizozitaja. Zahanati haichukui damu kwanza na kufikiri baadaye. Humtenga mgonjwa, humjulisha Mganga Mkuu wa Manispaa, na timu iliyofunzwa ndiyo inayotoa damu ikiwa imevaa mavazi kamili ya kujikinga. Tuseme timu hiyo imepata tyubu 2, kila moja ikiwa na mililita 4 za damu, na kwamba zitapelekwa Dar es Salaam kwa ndege.

Tabaka la kwanza ni tyubu yenyewe. Lazima isivuje, na kifuniko chake cha kuzungusha kikazwe, kisha kizungushiwe utepe ili kisilegee kwa mtikisiko wa njiani. Nje ya tyubu hufutwa kwa dawa ya kuua vimelea na kuandikwa utambulisho wa mgonjwa. Kila tyubu huviringishiwa kitambaa chake laini, kwa sababu tyubu mbili zinazogongana ndani ya chombo kimoja huvunjana.

Tabaka la pili ni chombo kigumu chenye kifuniko kisichopitisha maji. Kati ya tabaka hili na lile la kwanza huwekwa pamba au karatasi ya kufyonza. Kipimo chake ni rahisi: lazima itoshe kufyonza kimiminika chote kilichomo, hapa mililita 8, endapo tyubu zote zitapasuka. Aidha, tyubu au chombo hiki cha pili lazima kistahimili tofauti ya shinikizo la kilopaskali 95. Sababu ni ndege. Hewa hupungua nguvu kadiri ndege inavyopaa, na hewa iliyofungiwa ndani ya chombo husukuma kuta na kifuniko kwenda nje. Chombo cha kawaida cha jikoni, hata kikifunga vizuri mezani, kinaweza kufyatuka kifuniko angani.

Tabaka la tatu ni sanduku gumu la nje, ambalo upande wake mfupi kabisa haupungui milimita 100. Kwa Kundi A sanduku hili si la kuokota dukani. Aina yake imejaribiwa, ikiwa ni pamoja na kuangushwa kutoka mita 9, na sanduku lenyewe limechapwa alama ya Umoja wa Mataifa kuthibitisha hivyo. Kwa Kundi B jaribio ni la mita 1.2. Kati ya tabaka la pili na la tatu huingizwa orodha ya vilivyomo. Fomu ya maombi ya kipimo nayo hukaa hapo, isizungushiwe tyubu, ili karatasi isilowe na mpokeaji asiguse damu kwa ajili ya kusoma jina.

Kiasi nacho kina mpaka. Katika ndege ya abiria, kifurushi kimoja cha Kundi A hakizidi mililita 50. Katika ndege ya mizigo mpaka ni lita 4. Mililita 8 zetu zinakubalika, lakini shirika la ndege huulizwa na kukubali kabla sanduku halijafika uwanjani.

Vipi kuhusu baridi? Damu hii yatosha kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi kwa kutumia vifuko vya barafu, vikiwekwa nje ya chombo cha pili. Maabara ikitaka sampuli iliyoganda, hutumiwa barafu kavu, ambayo ni gesi ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa kwa takriban nyuzi 78 chini ya sifuri. Barafu hii haiyeyuki kuwa maji. Hugeuka gesi moja kwa moja, na kilo 1 hutoa zaidi ya lita 500 za gesi. Ikifungiwa ndani ya chombo kisichopumua, chombo hupasuka kama bomu. Kwa hiyo kamwe haiwekwi ndani ya tabaka la kwanza wala la pili, na sanduku la nje lazima liwe na njia ya kupumua. Vilevile chombo cha pili hushikizwa kwa vigingi, kwa kuwa barafu inapokwisha huacha nafasi tupu na chombo huanza kuzungukazunguka.

Lebo: sanduku linalosema lenyewe

Mpakizi wa uwanjani hana nafasi ya kuuliza maswali, na dereva aliyepata ajali huenda asiweze kujibu. Kwa hiyo sanduku hujieleza lenyewe.

Sanduku la mfano wetu lina lebo nyeupe ya mraba uliosimama kwenye ncha yake, kila upande milimita 100, yenye mchoro wa mwezi mchanga tatu juu ya duara na tarakimu 6 kwenye ncha ya chini. Kando yake huandikwa UN 2814 na jina rasmi la usafirishaji, linalomaanisha kitu cha kuambukiza kinachowadhuru binadamu. Kisha huja majina na anwani za mtumaji na mpokeaji, pamoja na jina na simu ya mtu anayeifahamu shehena na anayepatikana muda wote wa safari. Pakiwamo barafu kavu, huongezwa lebo ya daraja la 9, namba UN 1845 na uzito wa barafu kwa kilo. Kundi A huambatana pia na tamko la mtumaji lililotiwa saini na mtu aliyefunzwa. Kwa usafiri wa anga mafunzo hayo hurudiwa kila baada ya miezi 24.

Sanduku la Kundi B ni jepesi zaidi. Lina mraba uliosimama kwenye ncha, kila upande ukiwa angalau milimita 50, ndani yake pameandikwa UN 3373, na pembeni jina rasmi la kundi hilo. Tamko la mtumaji halihitajiki.

Makosa ya lebo ni ya aina mbili, na yote yana gharama. La kwanza ni kushusha daraja: damu inayoshukiwa Marburg kubandikwa UN 3373 ili ipokelewe bila maswali. Mpakizi hataichukulia tahadhari inayostahili, na ikivuja hakuna atakayejua kilichomgusa. La pili ni kupandisha bila sababu: makohozi ya kawaida kubandikwa UN 2814. Shehena itakataliwa au kukaa siku kadhaa ikisubiri kibali, na sampuli itaharibika huku mgonjwa akisubiri dawa. Zaidi ya hayo, sanduku linalotumika tena hufutwa alama zote za safari iliyopita. Sanduku tupu lenye lebo ya hatari huwazoesha watu kuipuuza lebo.

Kutenganisha njiani

Mabasi na magari yanayotoka Bukoba hubeba ndizi, samaki na, msimu wake ukifika, senene. Kanuni ya kwanza ya utengano ni kwamba vitu vya daraja la 6 havipakiwi pamoja na chakula cha watu, chakula cha mifugo wala wanyama hai. Katika gari la kituo, sanduku hufungwa kwa mkanda sehemu ya mizigo, si mapajani mwa abiria na si juu ya kiti kinachoweza kulirusha gari likifunga breki. Barafu kavu ikiwamo, madirisha hufunguliwa kiasi, kwa maana gesi yake ni nzito, hujikusanya chini na kuifukuza hewa ya kupumua. Dereva anayesikia kichwa kikimuuma na pumzi zikimwendea mbio asimame, atoke nje na kuacha milango wazi.

Mizigo inayovuka Ziwa Victoria kwenda Mwanza ina funzo lake. Kanuni za kimataifa za meli hutenga bidhaa hatari kwa ngazi nne, kuanzia kuwekwa mbali kidogo hadi kutenganishwa na sehemu nzima ya meli kwa urefu wake. Spiriti ya daraja la 3 na klorini ya unga ya daraja la 5 zimo katika ngazi ya pili: chini ya sitaha haziingii chumba kimoja cha mizigo, na juu ya sitaha huachana angalau mita 6. Bohari ya dawa inayotuma vyote viwili kwa siku moja ifungashe mizigo miwili yenye hati zinazotaja kila kimoja, ili msimamizi wa upakiaji aweze kuvitenga.

Kutenganisha stoo: funzo la tetemeko

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliipiga Kagera. Manispaa ya Bukoba, Hamugembe ikiwamo, iliona nyumba zikipasuka na kuanguka, na watu wakapoteza maisha. Kwa mtunza stoo wa kituo cha afya tukio hilo linatoa kipimo kizuri kuliko orodha yoyote: ikiwa kila chupa iliyo kwenye rafu hizi itaanguka na kuvunjika kwa dakika moja, nini kitakutana na nini?

Stoo ya kituo cha kawaida ina klorini ya unga ya kutengenezea dawa ya kunawia na kutakasia, maji ya klorini ambayo wengi huyaita jiki, spiriti, tindikali ya kusafishia vyoo, na pengine mtungi wa oksijeni. Kila kimoja kina kazi yake, lakini wakikutana jozi nne huleta maafa.

Jozi ya kwanza ni klorini, ya unga au ya maji, na tindikali. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, inayounguza macho, koo na mapafu. Dalili yake ni harufu kali inayokwaruza pua, macho kutokwa machozi na kikohozi cha ghafla kwa wote walio chumbani. Jozi ya pili ni klorini ya unga na spiriti, mafuta ya taa au grisi. Unga huu ni kioksidishaji: ukilowana na kimiminika kiwakacho unaweza kupata joto na kuwaka bila kiberiti. Jozi ya tatu ni mtungi wa oksijeni na mafuta; valvu yake haipakwi grisi wala haishikwi kwa mikono yenye mafuta. Jozi ya nne ipo kwenye maabara zinazopima vinasaba vya vimelea: baadhi ya vimumunyisho vya kupasulia virusi vina chumvi za guanidini, ambazo zikimwagiwa jiki hutoa gesi za sumu. Taka za vipimo hivyo hazitakaswi kwa klorini.

Mpangilio unaofuata kutokana na hayo ni huu. Klorini ya unga hukaa mahali pakavu, juu ya ubao ulioinuliwa kutoka sakafuni, katika chombo chake chenye kifuniko, peke yake. Spiriti hukaa katika kabati au chumba kingine, mbali na moto na jua. Tindikali hukaa rafu ya chini kabisa, ndani ya beseni la plastiki linaloweza kubeba kiasi chote kikimwagika, na kamwe si katika chumba cha klorini. Kimiminika hakiwekwi juu ya unga, kwa maana kinachovuja hushuka chini. Rafu hufungwa ukutani na kuwekewa kizuizi cha mbele. Mtungi wa oksijeni hufungwa kwa mnyororo. Sampuli zinazosubiri safari hukaa katika jokofu lao lenye alama ya hatari ya kibiolojia. Chai, maziwa na chanjo havina nafasi humo.

Kituo chenye chumba kimoja tu cha stoo hakina udhuru wa kuchanganya. Kitoe kwanza tindikali, kwa kuwa ndiyo inayogombana na wengi na ndiyo inayohitajika kwa nadra, kisha kitenge pande mbili za chumba kwa klorini na spiriti. Asiye na hakika ya kemikali fulani asome karatasi ya usalama inayokuja nayo, au aulize Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Sanduku likilowa

Sanduku lenye doa la unyevu, harufu ngeni au pembe iliyobonyea halifunguliwi ili kuhakikisha. Watu husogezwa, na simu iliyoandikwa kwenye lebo hupigwa. Mtu aliyefunzwa, akiwa amevaa mavazi ya kujikinga, hufunika umwagikaji kwa kitambaa au karatasi ya kufyonza na kumimina juu yake klorini ya asilimia 0.5, akianzia pembeni kuelekea katikati, na kusubiri nusu saa kabla ya kuzoa. Aliyeguswa na kimiminika huosha sehemu hiyo papo hapo kwa maji mengi na sabuni, na jina lake huandikwa ili afuatiliwe kwa siku 21, ambao ndio muda mrefu kabisa wa Marburg kujificha mwilini kabla ya dalili.

Neno kwa mgonjwa na ndugu zake

Ndugu msomaji, huenda ukaagizwa kupeleka kikopo cha makohozi kutoka zahanati hadi kituo kikubwa. Omba kifungwe kwa tabaka tatu, hata kama ni kikopo ndani ya mfuko usiovuja ndani ya kiboksi kigumu. Usikitie katika kikapu cha ndizi wala mfukoni, na ukipanda bodaboda kiweke wima ndani ya mkoba uliofungwa. Lakini ikiwa mgonjwa wenu anavuja damu au amekuwa karibu na aliyefariki kwa homa isiyojulikana, usikubali kubeba damu wala matapishi yake kwa mkono wako, hata ukiombwa na mtumishi. Piga simu ya bure ya Wizara ya Afya, namba 199, ili timu yenye masanduku na mavazi ya kazi hiyo ije kuichukua.